Simu iwe mashine ya kadi: tulivyofanya kibarazani kwa shangazi, Bagamoyo

Shangazi yangu anauza michoro ya tingatinga, vikapu vya ukindu na vikoi kwenye kibaraza cha nyumba ya zamani, Mtaa wa India, Bagamoyo. Wageni waliotoka kuangalia Caravanserai au magofu ya Kaole humpitia pale. Kwa miaka mingi mauzo yake yalikatikia mahali pamoja: mgeni kachagua, bei wamekubaliana, halafu anatoa kadi. Lipa namba shangazi anayo, lakini mgeni hana laini ya hapa. "Nenda ATM mwanangu, mzigo nakuwekea," anamwambia. Mgeni anaondoka akitabasamu, na mzigo unabaki.

Mashine ya kadi ya benki hakuitaka kabisa. Aliona ni kitu kingine cha kuchaji na kitu kingine cha kuibiwa. Tulichofanya ni kuweka kwenye simu yake programu inayopokea kadi kwa kugusisha tu, bila kuchomeka chochote. Nitaeleza hatua tulizopita, na nitakaa zaidi pale tulipoumia.

Kwanza: simu inafanya nini hasa

Simu nyingi za kisasa zina kifaa kidogo kinachoitwa NFC. Ni redio ya karibu sana, inafanya kazi ndani ya sentimita 4 hivi. Kadi ya benki yenye alama ya mawimbi manne yaliyopinda ina chipu na antena iliyozungushwa ndani ya plastiki, lakini haina betri. Ukiisogeza karibu na simu, mawimbi ya simu ndiyo yanayoipa chipu umeme wa kutosha kuamka na kupiga hesabu.

Simu inaiambia kadi kiasi cha fedha, sarafu, tarehe na namba moja ya kubahatisha. Kadi inachanganya hivyo vyote na ufunguo wa siri ambao hautoki ndani ya chipu, pamoja na kihesabio kinachopanda kila inapotumika, kisha inatoa msimbo wa mara moja. Msimbo huo ndio unaosafiri hadi benki ya mteja, na benki hiyo inaupima kabla ya kusema ndiyo. Mtu akiunasa njiani hawezi kulipia kitu kingine, kwa sababu kesho kihesabio na namba ya kubahatisha vitakuwa tofauti.

Kwa hiyo simu yako haiweki fedha wala haiweki kadi ya mtu. Inabeba ujumbe uliofungwa kutoka kwenye kadi kwenda kwa mtoa huduma, na wewe utakachoona ni tarakimu nne za mwisho za kadi tu. Nalisema hili kwa sababu swali la kwanza la shangazi lilikuwa, "Simu ikiibwa, na kadi za watu si zimeibwa?" Hazijaibwa. Ila funga simu kwa namba ya siri, maana mwizi anaweza kuifungua programu na kuchezea mauzo yako.

Hatua ya 1: ipime simu kabla hujaongea na benki

Hapa ndipo wengi wanakwama, na ni bora ujue mapema. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu hazina NFC kabisa, hata kama ni mpya na kamera yake inang'aa. Ingia `Settings`, andika `NFC` kwenye sehemu ya kutafuta. Isipotokea, simu hiyo haina, na hakuna programu itakayoiongezea. Angalia pia jina kamili la modeli, kwa sababu simu za jina moja zinaweza kutofautiana: iliyotengenezewa soko fulani ina NFC, pacha wake haina.

Ikiwepo, iwashe, fungua kioo, kisha chukua kadi yako yenye alama ya mawimbi na uitembeze taratibu mgongoni mwa simu. Mahali simu itakapotoa mlio au kutetemeka ndipo antena ilipo. Kama huna kadi ya aina hiyo, pasipoti ya kielektroniki iliyoanza kutolewa nchini 2018 nayo ina chipu inayosomeka kwa njia hiyohiyo. Kwenye simu ya shangazi antena ipo juu, pembeni ya kamera. Tulibandika kipande kidogo cha stika pale kwenye kava, na stika hiyo imetuokolea muda kuliko maelezo yote tuliyowahi kuwapa wateja.

Kava nalo lipime. La plastiki ya kawaida halina shida, lakini lenye bati, sumaku au pete ya chuma ya kushikia simu linazima mawasiliano au kuyafanya yakatike katikati.

Upande wa iPhone, kuwa na simu nzuri hakutoshi. Apple ilitangaza huduma ya kupokea kadi kwa iPhone 2022 kwa kuanzia Marekani, inahitaji iPhone XS au ya baadaye, na inafunguliwa nchi moja baada ya nyingine. Ukitegemea iPhone, muulize kwanza mtoa huduma kama anaweza kuiunganisha hapa. Sisi tulitumia Android.

Hatua ya 2: mtoa huduma, na swali moja la kuuliza

Programu hii haifanyi kazi peke yake. Lazima uwe na mkataba na benki, au na kampuni ya malipo yenye leseni ya Benki Kuu, ambayo itakuandikisha kama mfanyabiashara. Sisi tuliombwa kitambulisho cha taifa, TIN, leseni ya biashara na akaunti ya kupokelea fedha. Ukikuta programu mtandaoni inayosema itasoma kadi yoyote bila mkataba, iache. Zipo zinazoweza kusoma baadhi ya taarifa zilizo wazi kwenye kadi, lakini hakuna hata moja ya hizo inayoweza kuleta shilingi kwenye akaunti yako.

Makato na siku ya kuingiziwa fedha utauliza mwenyewe, hilo halihitaji kufundishwa. Swali ambalo watu hulisahau ni hili: programu yenu inapokea namba ya siri ya mteja kwenye kioo cha simu, au haipokei?

Swali hilo lina historia fupi. Baraza linalosimamia viwango vya usalama wa kadi duniani, PCI, lilitoa kiwango cha kwanza cha simu za aina hii mwishoni mwa 2019, kinaitwa CPoC. Kiwango hicho kiliruhusu kugusisha kadi lakini hakikuruhusu namba ya siri kuandikwa kwenye simu hiyohiyo. Novemba 2022 likatoka la pili, MPoC, linaloruhusu vyote viwili. Sasa kadi za kugusisha zina kikomo: chini ya kiasi fulani zinapita bila namba ya siri, juu yake benki inaitaka. Kikomo hutofautiana kwa nchi na kwa benki. Programu isiyopokea namba ya siri itakufaa kuuza maji na andazi, lakini mteja akichukua mchoro mkubwa itakataa, na utadhani kadi yake haina fedha. Shangazi bidhaa zake nyingi ni za laki na zaidi, kwa hiyo kwetu jibu la "haipokei" lingetosha kutuondoa ofisini.

Hatua ya 3: isafishe simu

Ukishaandikishwa utatumiwa namba ya kuwashia programu. Pakua kutoka duka rasmi la programu, si kwa faili uliyorushiwa WhatsApp, hata kama aliyekurushia ni afisa aliyekuandikisha.

Mara ya kwanza ilitugomea. Iliandika kwamba kifaa si salama, ikajifunga. Tulirudi mjini, tukaambiwa tununue simu nyingine, na nusura tununue. Kumbe programu hizi hukagua simu kila zinapofunguliwa, na wakati mwingine katikati ya kazi, kwa sababu namba ya siri ya mtu itaandikwa pale. Zinatafuta dalili kwamba kuna kitu kingine kinaweza kuchungulia. Mambo yanayozikera ni machache:

- Simu iliyofunguliwa mfumo wake, ile mafundi wanaita "kurutiwa". Hii haina msamaha.
- `Developer options` au `USB debugging` iliyoachwa wazi.
- Programu inayochora juu ya kioo: kiputo cha ujumbe, kichujio cha mwanga wa usiku kilichopakuliwa, kinasa kioo.
- Android ya zamani mno, au isiyopata masasisho ya usalama.

Kwetu lilikuwa la pili. Mpwa wangu aliwahi kucheza na simu ile akawasha `Developer options` bila kujua. Ingia `Settings`, kisha `System`, ukizime, uwashe simu upya. Ilipita palepale. Kwenye baadhi ya simu kipengele hicho kiko sehemu nyingine, kitafute kwa jina.

Baada ya hapo tulifanya mambo mawili ya nyumbani. Michezo yote ya watoto ilifutwa, na simu ile ikawa ya duka tu. Pia wakati wa kuuza tunawasha `Do not disturb`, kwa sababu simu ikipigwa kadi ikiwa mgongoni, kioo cha malipo kinaondoka na muamala unakatika. Hali ya kubana betri nayo izime ukiwa dukani. Kuna simu ambazo zikiwa kwenye hali hiyo hudhoofisha NFC au huchelewesha mtandao.

Hatua ya 4: mauzo ya kwanza, mwanzo hadi mwisho

Mama mmoja mgeni alichagua mchoro wa 120,000 na kikapu cha 35,000, jumla 155,000. Aliuliza kama anaweza kulipa kwa dola. Andika shilingi. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini, na hata bila kanuni hiyo, benki yake ndiyo itakayobadilisha fedha. Wewe huna hesabu ya kufanya.

Shangazi akaandika 155000 na kumwonyesha mgeni kioo kabla ya kubonyeza. Usiiruke hatua hii. Kwenye simu ni rahisi kuongeza sifuri moja, na mteja akishagusisha, kosa lile limekuwa lake na lako.

Programu ikasema gusisha kadi. Sasa kuna mtindo wa kufanya hivyo. Simu ilale mezani au mkononi, mteja aweke kadi juu ya stika na kuiacha itulie. Mazungumzo kati ya kadi na simu huchukua kama nusu sekunde, lakini mgeni aliyezoea mashine kubwa za kwao hupunga kadi juu juu kama anafukuza nzi. Kadi ikiondoka kabla ya mlio, chipu inakosa umeme katikati ya hesabu na simu inaomba urudie. Hapo hakuna kilichokatwa, rudia bila wasiwasi. Asiweke pochi nzima, maana kadi mbili zikisikika pamoja simu haitachagua, itaomba moja.

Mlio ukalia, na kwa kuwa kiasi kilikuwa kikubwa, kikatokea kibodi cha namba ya siri. Mkabidhi mteja simu mkononi mwake, kisha geuka. Shangazi alianza kwa kushikilia simu akimwelekezea, na mgeni akasita. Nilimwambia, "Shangazi, mpe simu, wewe angalia baharini." Tangu siku hiyo ndivyo anavyofanya, na huwa anasema kwa sauti kabisa, "Mimi naangalia baharini."

Akarudishiwa simu, `Approved`. Risiti ikaenda kwa barua pepe ya mgeni. Risiti hiyo ni ya kadi tu, haichukui nafasi ya risiti ya EFD kwa mwenye wajibu wa kuitoa.

Mteja anayelipa kwa simu yake mwenyewe au saa yake hana tofauti kubwa, isipokuwa jambo moja: uso au kidole chake ndicho kilichomthibitisha kwenye simu yake, kwa hiyo mara nyingi kibodi hakitatokea hata kiasi kikiwa kikubwa. Usishtuke. Na kadi isiyo na alama ya mawimbi haina msaada hapa. Simu haina tundu la kuichomeka wala mfereji wa kuipitisha.

Hatua ya 5: ikikwama kwenye `Processing`

Sehemu hii isome mara mbili, kwa sababu ndiyo iliyotugharimu.

Mchana mmoja mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Mteja akagusisha 80,000, akaandika namba ya siri, na kioo kikabaki kinazunguka. Dakika nzima. Kisha kikasema muda umekwisha. Shangazi akafanya ambalo kila mtu angefanya: akaandika tena 80,000, akamwomba agusishe tena. Safari hii ikapita. Mteja akatoa simu yake, ina ujumbe wawili wa benki, kila mmoja wa 80,000.

Ili uelewe kilichotokea, kumbuka kuna safari mbili. Ya kwanza ni ya kadi na simu, na ikishalia mlio imekwisha. Ya pili ni ndefu: kutoka simu kwa mtandao hadi kwa mtoa huduma, hadi mfumo wa kadi, hadi benki ya mteja, kisha jibu lirudi njia ileile. Bando likikatika wakati ombi linakwenda, hakuna benki iliyosikia chochote. Likikatika wakati jibu linarudi, benki ya mteja imeshazuia fedha zake, ila wewe hujaambiwa. Kwenye kioo chako hali hizo mbili zinafanana.

Kwa hiyo usirudie. Fanya hivi:

1. Mwombe mteja asubiri na asiguse kadi. Mwambie ukweli, kwamba mtandao umekata na unaangalia kama malipo yamefika.
2. Rudisha mtandao. Zima na washa data, au hamia laini ya pili. Sisi sasa tunaweka laini za kampuni mbili tofauti kwenye simu ileile, zote zina bando.
3. Fungua historia ya miamala ndani ya programu. Tafuta kwa kiasi, saa na tarakimu nne za mwisho.
4. Ikisema `Approved`, umelipwa, mpe mzigo. Ikisema `Declined` au haipo kabisa baada ya mtandao kurudi imara na orodha kujisasisha, rudia kugusisha.
5. Ikisema `Pending`, usirudie na usitoe mzigo. Piga namba ya mtoa huduma, wao wanaona upande wa pili wa safari.

Ujumbe kwenye simu ya mteja hautoshi kuwa ushahidi wa kutoa mzigo. Unaonyesha benki yake imezuia fedha, hauonyeshi kwamba zimeelekezwa kwako. Mara nyingi muamala ulioachwa nusu, mfumo wenyewe hutuma agizo la kuufuta, na fedha humrudia mteja baada ya muda, saa au siku kadhaa kutegemea benki yake. Yule wa 80,000 mbili alirudishiwa moja siku ya nne. Katikati ya siku hizo alituandikia maneno makali, na alikuwa na haki.

Kukataliwa ni jambo jingine. Programu nyingine huonyesha namba ya sababu. `51` ni salio halitoshi, `55` ni namba ya siri si sahihi, `91` ni kwamba benki ya mteja haipatikani kwa sasa, nayo inafaa kujaribiwa tena baada ya dakika chache. `05` ni benki imekataa bila kusema kwa nini. Kwa mgeni aliyetoka mbali mara nyingi benki yake imeshtuka kuona kadi inatumika Bagamoyo, na akiipigia au akifungua programu yake huachiwa. Kwa hali yoyote usimsomee mteja kwa sauti kwamba hana fedha. Sema, "Benki yako haijakubali, unayo kadi nyingine?"

Hatua ya 6: jioni

Shangazi ana daftari lake la mistari. Kila muamala anaandika saa, kiasi na tarakimu nne. Jioni tunalinganisha na historia ya programu, na kesho yake na kilichoingia benki. Usitegemee kiasi kilekile kiingie. Tuseme makato ni asilimia 2.5: katika 155,000 watakata 3,875, na kitakachoingia ni 151,125. Wengine huingiza mauzo ya siku nzima kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana daftari linahitajika, vinginevyo utaona namba moja isiyofanana na chochote ulichouza.

Mteja akibadili mawazo siku hiyohiyo kabla mauzo ya siku hayajafungwa, tumia `Void`, inaufuta muamala kabla haujakuwa malipo kamili. Siku ikishapita tumia `Refund`, na fedha zitarudi kwenye kadi ileile kwa mwendo wa benki. Usirudishe taslimu kwa mtu aliyelipa kwa kadi, hata akikuomba kwa upole akisema basi linaondoka. Kadi iliyoibwa hutumika hivyo: ananunua kwa kadi, anarudi kuchukua noti, kisha mwenye kadi halali analalamika kwa benki yake, na fedha zinachukuliwa kutoka kwako mara ya pili. Shangazi aliombwa hivyo mara moja na kijana aliyevaa vizuri. Alibonyeza `Refund`, akamwonyesha kioo, na yule kijana akasema basi aache tu, atabaki na kikapu.